Picha ya eksirei ya kifua husomwa kwa kufuata mipaka

Mtu akikabidhiwa bahasha yenye picha ya eksirei ya kifua, kwa kawaida huitoa pale pale, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kuanza kutafuta doa. Asipoliona, hupumua. Akiona weupe mahali fulani moyo unamruka, hata kama weupe huo ni titi, au ncha ya ubavu, au msuko wa nywele ulioangukia begani. Anayezisoma picha hizi kila siku hafuati madoa kwanza, hufuata mipaka. Anautazama ukingo wa moyo, ukingo wa kila ubavu, ukingo wa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na kwa kila mmoja anajiuliza kama upo, kama uko mahali pake, na kama haupo, umepotelea wapi.

Nitaeleza usomaji huo kwa kufuata picha moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mgonjwa mwenyewe nimemtunga kutokana na wengi wanaofanana naye, maana katika chumba cha eksirei mashariki mwa Uganda wagonjwa wa aina hii hawakosekani. Tuseme ni mama wa miaka 38 anayenunua mukene, yaani dagaa, mwaloni Majanji, Ziwa Viktoria, na kuwapeleka sokoni Busia. Amekohoa kwa wiki saba. Usiku anatoka jasho, nguo zimeanza kumpwaya, na wiki mbili za mwisho upande wa kushoto wa kifua unamchoma kila anapovuta pumzi. Makohozi yake yamepimwa na vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Ndipo akatumwa kupigwa picha.

Kwa nini mpaka unaonekana

Mionzi ya eksirei ikipita mwilini, kila kitu huizuia kwa kiasi chake. Hewa huiacha ipite karibu yote, kwa hiyo mapafu yenye hewa hutoka meusi. Mafuta hutoka kijivu cha giza. Mfupa hutoka mweupe, na chuma, kama vile kidani au kifungo cha sidiria, hutoka cheupe kuliko vyote. Katikati ya hivyo kuna kundi kubwa linalotoka kwa kijivu kile kile: misuli, moyo, ini, damu, usaha na maji. Picha haiwezi kukuambia kwa rangi peke yake kwamba hapa ni moyo na pale ni maji.

Basi moyo unaonekanaje? Unaonekana kwa sababu umezungukwa na mapafu yenye hewa. Pale kijivu cha moyo kinapogusana na weusi wa hewa, mpaka mkali hujichora. Ukiiondoa ile hewa ya jirani, kwa mfano sehemu ya pafu inayogusa moyo ikijaa usaha wa nimonia, kijivu kitakuwa kimekutana na kijivu na mpaka utafutika. Moyo haujaenda popote, ila ukingo wake hauonekani tena. Daktari Benjamin Felson wa Cincinnati, Marekani, aliieleza kanuni hii mwaka 1950, na mpaka leo ndiyo nguzo ya usomaji wa picha za kifua. Kutokana nayo, mpaka uliofutika hukuonyesha ugonjwa ulipo. Ukingo wa kulia wa moyo ukifutika, tatizo liko kwenye sehemu ya kati ya pafu la kulia, kwa kuwa ndiyo inayougusa. Ukingo wa moyo ukibaki mkali lakini mstari wa kiwambo ukapotea, tatizo liko chini, kwenye sehemu ya pafu inayokaa juu ya kiwambo.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nisipende kusoma picha kwa kukimbilia kwenye weupe. Weupe unaweza kuwa hafifu mno kwa jicho, ilhali mpaka uliopotea ukishajua kuutafuta huwezi kuukosa.

Kabla ya kusoma, ikague picha yenyewe

Kwanza jina na tarehe. Kisha herufi ya upande, L kwa kushoto au R kwa kulia. Hili linaonekana dogo, lakini kuna watu wachache waliozaliwa moyo ukiwa upande wa kulia, na kuna siku herufi huwekwa upande usio wake. Mgonjwa wetu huenda akachomwa sindano kifuani kutokana na picha hii. Herufi ikikosewa, sindano itaingia upande usio na ugonjwa.

Halafu uliza mionzi iliingilia wapi. Picha nzuri ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa amesimama, kifua kimegandamizwa kwenye bamba la kupokea picha, mikono imezungushwa mbele ili makombe ya mabega yatoke juu ya mapafu, na mionzi inaingilia mgongoni kutoka umbali wa sentimita 180 hivi. Mgonjwa asiyeweza kusimama hupigwa akiwa kitandani, mionzi ikiingilia mbele na kutoka karibu zaidi. Hapo moyo, ulio upande wa mbele wa kifua, unakuwa mbali na bamba na karibu na taa ya mionzi, kwa hiyo kivuli chake hukua, kama kivuli cha mkono kinavyokua ukutani ukiusogeza karibu na koroboi. Wapo waliowahi kuambiwa moyo umevimba kwa sababu tu walipigwa picha wakiwa wamelala.

Mama wetu alisimama, na mionzi iliingilia mgongoni. Vizuri.

Baada ya hapo tunaangalia kama alisimama sawasawa. Mitulinga miwili, ile mifupa inayotoka mabegani na kukutana chini ya shingo, ina ncha mbili za ndani. Kila ncha inapaswa kuwa umbali ule ule kutoka kwenye mstari wa uti wa mgongo. Upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, mgonjwa alijigeuza, na bomba la hewa na moyo vitaonekana kama vimesogea hali havijasogea. Kwake umbali ni sawa kulia na kushoto. Weka jambo hili akilini, tutalihitaji.

Mwisho tunaangalia pumzi. Mpigaji humwambia, “Mama, vuta pumzi mpaka mwisho, ishike,” ndipo anapobonyeza. Tunahakiki kwa kuhesabu mbavu. Mbavu za nyuma huonekana zimelala karibu usawa, na zile za mbele hushuka kwa mshazari kutoka nje kuelekea katikati. Mtu mzima aliyevuta vizuri, ubavu wa 6 wa mbele hukata kiwambo karibu na katikati ya upande wa kulia, au kwa hesabu ya nyuma tunapata mbavu 9 au 10 juu ya kiwambo. Pumzi ikiwa fupi, mapafu hujikunja, sehemu za chini hutoka nyeupe na moyo hutanuka, na msomaji mwenye haraka ataandika nimonia isiyokuwepo. Mama huyu ana maumivu akivuta pumzi, kwa hiyo tulitarajia pumzi fupi. Tunahesabu upande wa kulia, tunapata mbavu 9 za nyuma. Amejitahidi, na picha inasomeka.

Mifupa kwanza

Wengi huiacha mifupa mwisho, na kwa kuiacha mwisho huisahau. Mimi naianza, kwa sababu ugonjwa mkubwa ukishaonekana kwenye pafu, jicho halirudi tena kwenye mbavu.

Unaufuata ubavu mmoja mmoja, kutoka uti wa mgongo unazunguka nje hadi mbele, ukitazama kingo zake za juu na za chini. Mvunjiko hujionyesha kama hatua ndogo kwenye mstari uliokuwa laini. Mwendesha boda boda aliyeanguka anaweza kuwa na kadhaa, na mivunjiko mipya isiyosogea mara nyingi haionekani kabisa siku ya kwanza, kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba maumivu yake si ya kweli. Ubavu uliokosa kipande cha ukingo, kana kwamba umetafunwa, ni habari nyingine. Hapo tunawaza saratani iliyosambaa, na tunarudi kumuuliza mgonjwa kuhusu titi, au kama ni mzee wa kiume, kuhusu tezi dume. Tunatazama pia mitulinga, mabega na pingili za mgongo zinazoonekana kwa mbali nyuma ya moyo.

Kwa mama wetu hakuna mvunjiko wala ubavu ulioliwa. Kuna jambo moja tu: nafasi kati ya mbavu za kushoto ni pana kidogo kuliko za kulia. Peke yake halithibitishi kitu. Lakini linatudokeza kwamba upande huo umejaa kuliko kawaida. Pafu lililosinyaa lingevuta mbavu zikaribiane.

Bomba la hewa na moyo

Sasa tunashuka katikati. Bomba la hewa ni ukanda mweusi unaotoka shingoni na kushuka mbele ya uti wa mgongo. Kwa mtu mzima ni kawaida likipinda kidogo kulia pale linapopita ubavuni mwa mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Kwa mama huyu limepinda zaidi ya hapo, limesukumwa wazi kuelekea kulia. Kwa kuwa tulishaona mitulinga iko sawa, tunajua hakujigeuza. Bomba limesogea kweli.

Moyo wenyewe hupimwa kwa kulinganisha upana wake mkubwa na upana mkubwa wa ndani ya kifua. Ukiwa na sentimita 13 kwa kifua cha sentimita 28, ni chini kidogo ya nusu, na nusu ndiyo kikomo kwa mtu mzima aliyesimama. Umbo pia husema. Moyo uliotanuka pande zote mbili na kupoteza mikunjo yake, ukawa mviringo kama chupa pana, unaweza kuwa umezungukwa na maji ndani ya mfuko wake, na kwetu kifua kikuu ni sababu mojawapo kubwa ya maji hayo. Ukingo wa kushoto ulionyooka pale unapopaswa kuwa na bonde dogo hutufanya tufikirie valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao bado unaleta vijana wengi kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Lakini picha ya kifua inatoa dokezo tu, na jibu hutolewa na altrasaundi ya moyo.

Kwa mgonjwa wetu kipimo hicho hakiwezekani. Ukingo wa kushoto wa moyo unashuka vizuri kutoka juu, kisha katikati unazama kwenye weupe na kufutika. Huwezi kupima upana wa kitu chenye upande mmoja usioonekana, na ripoti inayosema moyo wake ni mkubwa au ni wa kawaida itakuwa imebahatisha. Hata hivyo ukingo wa kulia unaonekana safi, nao umetokeza kulia kwa uti wa mgongo kupita kawaida. Hivyo bomba la hewa na moyo vyote viwili vimeelekea kulia. Kitu kilichoko kushoto kinavisukuma.

Uwanja wa mapafu

Mapafu tunayasoma kwa kulinganisha. Tunagawa kila upande sehemu tatu, juu, kati na chini, kisha tunatazama juu kulia na juu kushoto kwa pamoja, tunashuka hivyo hivyo. Mistari myembamba inayotawanyika kutoka kwenye mizizi ya mapafu ni mishipa ya damu. Inapungua unene kadiri inavyokwenda nje, na karibu na ukuta wa kifua huwa haionekani tena. Mzizi wa kushoto kwa kawaida hukaa juu kidogo kuliko wa kulia. Ukiukuta uko chini, kuna kitu kinauvuta.

Upande wa kulia wa mama huyu ni mweusi vizuri na mishipa yake imetulia. Upande wa kushoto, weupe mzito unaanza chini kabisa na kupanda hadi karibu theluthi mbili za kifua. Ndani ya weupe huo huoni mishipa, wala vijia vyeusi vya hewa ambavyo mara nyingi huonekana kwenye nimonia, pale pafu linapojaa usaha huku mirija yake ikiwa bado na hewa. Na ukingo wa juu wa weupe haukunyooka. Uko chini upande wa katikati, unapinda kama bakuli na kupanda juu kuelekea kwapani. Hilo ndilo umbo la maji yaliyokaa kati ya tando mbili zinazofunika pafu, mgonjwa akiwa amesimama.

Kabla ya kushuka, kuna sehemu ambayo lazima itazamwe mara mbili, ncha za juu za mapafu zilizojificha nyuma ya mitulinga. Kifua kikuu cha mtu mzima hupenda kukaa huko juu, na kikikomaa hutoboa mashimo. Kwa mama yetu, juu ya mtulinga wa kushoto kuna mistari hafifu iliyokaa pamoja, na msomaji aliyekwisha kuona maji hushawishika kuandika kwamba kidonda cha kifua kikuu kipo na kazi imekwisha. Ifuate mistari ile. Inavuka mpaka wa pafu, inapanda juu ya nyama ya bega na kuendelea hadi shingoni. Ugonjwa wa pafu hauwezi kutoka nje ya pafu namna hiyo. Ni misuko yake ya nywele, iliyoangukia begani wakati wa kupigwa picha. Ilitakiwa ifungwe juu ya kichwa, na kama shaka inabaki, picha irudiwe nywele zikiwa zimefungwa. Chuchu nazo huleta mkanganyiko wa aina hiyo. Hutoka kama duara dogo sehemu ya chini ya pafu, na ukiona duara moja, tafuta mwenzake upande wa pili kabla ya kumtisha mtu kwa neno saratani.

Niongeze hapa jambo ambalo katika nchi yenye VVU nyingi haliwezi kurukwa. Mtu ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu bila yale mashimo ya juu tunayoyazoea. Mashimo hutengenezwa kwa sehemu kubwa na mapambano ya kinga yenyewe. Kinga ikiwa haina nguvu, ugonjwa unaweza kuonekana sehemu za chini, au kama matezi yaliyovimba kwenye mizizi ya mapafu, au kama punje ndogo za milimita 1 hadi 3 zilizotapakaa pande zote. Na wakati mwingine picha hutoka safi kabisa. Picha safi kwa mtu wa namna hiyo haifuti kifua kikuu, na makohozi yake bado yapimwe.

Kiwambo na kilicho chini yake

Kiwambo cha kulia kinaonekana kama tao laini, na kwa kawaida kiko juu kuliko cha kushoto kwa sentimita 1 hadi 3. Pale tao linapokutana na ukuta wa kifua kwa nje, hutengeneza pembe kali yenye ncha nyeusi. Upande wa kulia wa mama yetu pembe hiyo ni kali. Upande wa kushoto hakuna pembe wala tao.

Pembe kujaa kunahitaji maji kiasi gani? Kwa picha ya mbele mgonjwa akiwa amesimama, karibu mililita 200. Pungufu ya hapo hukaa kwenye bonde la nyuma, nyuma ya tao la kiwambo, na hayaonekani. Picha ya ubavuni huweza kuonyesha hata mililita 50 hadi 75, na altrasaundi huona hata yaliyo machache kuliko hayo. Kwa hiyo pembe kali si ushahidi kwamba hakuna maji kabisa. Mama wetu yuko mbali na kikomo hicho. Maji yaliyofika theluthi mbili za kifua na kusukuma moyo huwa zaidi ya lita moja.

Kama mstari wa kiwambo cha kushoto umefutika, tutajuaje kilipo? Tunatafuta kiputo cheusi cha hewa ya tumboni. Tumbo la chakula hukaa chini ya kiwambo cha kushoto, na hewa yake hujikusanya juu. Kwa mama huyu kiputo kimeshuka kuliko kawaida. Maji yamekandamiza kiwambo kuelekea chini, na jambo hilo linakubaliana na moyo uliosukumwa na mbavu zilizoachana.

Hewa chini ya kiwambo cha kulia ni jambo tofauti kabisa. Huko kuna ini, na ukiona mwezi mwembamba mweusi kati ya ini na kiwambo, utumbo au tumbo limetoboka. Katika mlipuko wa homa ya matumbo uliotokea Kasese mwaka 2008 na 2009, wagonjwa wengi walitobolewa utumbo, na picha ya aina hii ndiyo inayoweza kumpeleka mtu chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Lakini mgonjwa akae wima dakika chache kabla ya kupigwa, hewa ipate muda wa kupanda. Akipigwa amelala, mwezi huo hautokei.

Maji au pafu lililosinyaa?

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, na ndiyo sababu nilitumia muda mwingi kwenye bomba la hewa. Upande mzima wa kifua unaweza kuwa mweupe kwa sababu umejaa maji, au kwa sababu pafu limepoteza hewa yake na kusinyaa, labda uvimbe umeziba mrija wake. Rangi ni ile ile. Kinachotofautisha ni kusukumwa na kuvutwa. Maji mengi husukuma bomba la hewa na moyo kwenda upande wa pili, huachanisha mbavu na hushusha kiwambo. Pafu lililosinyaa huacha nafasi, kwa hiyo huvuta kila kitu kuelekea kwake: bomba, moyo, mbavu zikibanana, na kiwambo kupanda. Ukimchoma sindano mtu ambaye pafu lake limesinyaa ukidhani ni maji, utatoboa pafu, au hata moyo uliovutwa pale.

Kuna hali ya tatu inayostahili hofu zaidi. Upande ni mweupe wote lakini bomba limebaki katikati. Hapo inawezekana maji yanasukuma na pafu linavuta kwa wakati mmoja, nguvu zikalingana. Kwa mtu mzima, hasa mzee, tunawaza saratani iliyoziba mrija na kuleta maji pia.

Kwa mama wa Majanji kila dalili inasukuma kulia. Ripoti yake itasema kuna maji mengi upande wa kushoto yanayosukuma moyo na bomba la hewa, pafu la kulia halina tatizo linaloonekana, mifupa haina kasoro, na ukubwa wa moyo hauwezi kupimwa. Itasema pia kwamba sehemu ya pafu la kushoto iliyofunikwa na maji haijasomwa. Mstari huo wa mwisho wengi huuacha, nami nauona wa lazima, kwa sababu chini ya maji kunaweza kuwa na kidonda au uvimbe ambao hakuna aliyeuona bado.

Picha inapoishia

Picha haijui maji hayo ni ya nini. Maji mepesi ya moyo uliochoka, usaha, damu na maji ya kifua kikuu vyote hutoka kwa kijivu kimoja. Maji ya moyo kushindwa mara nyingi huwa pande zote mbili na moyo huwa mkubwa. Ya upande mmoja, kwa mtu mwenye homa na kukonda, hutupeleka kwenye kifua kikuu cha utando wa mapafu. Makohozi kuwa safi hakupingani na hilo, kwa kuwa ugonjwa uko kwenye utando, na vijidudu vichache tu hufika kwenye mirija ya hewa.

Kwa hiyo altrasaundi huonyesha mahali salama pa kuchoma, sindano inaingia juu ya ukingo wa ubavu ili kukwepa mshipa unaopita chini ya kila ubavu, na maji yanatolewa. Yanatoka ya manjano hafifu, yenye protini nyingi na chembe nyeupe nyingi za aina ya limfosaiti, hali inayounga mkono kifua kikuu. Hayatolewi yote kwa mkupuo. Kikomo kinachofuatwa na wengi ni lita moja na nusu kwa mara moja, kwa kuwa pafu lililobanwa kwa muda mrefu likitanuka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe.

Picha hupigwa tena baada ya kutoa. Sasa ndipo sehemu iliyokuwa imefunikwa inasomwa kwa mara ya kwanza, na ukingo wa moyo wa kushoto unapimwa. Tazama pia umbo la maji yaliyobaki. Kama ukingo wake wa juu bado umepinda, ni maji peke yake. Kama umenyooka kabisa kama maji ndani ya glasi iliyokaa mezani, basi kuna hewa juu yake iliyoingia pamoja na sindano au iliyotoka kwenye pafu lililotobolewa, na mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kujua ni hewa kiasi gani.

Dawa za kifua kikuu cha aina hii, kisicho sugu, ni miezi sita, miwili ya kwanza kwa dawa nne na minne inayofuata kwa dawa mbili. Mwisho wa dozi mama anarudi kupigwa picha. Anapumua vizuri, uzito umerudi, moyo umerudi mahali pake na tao la kiwambo cha kushoto limejichora upya. Pembe yake tu ndiyo imebaki butu kidogo. Inaweza kuwa maji machache yaliyosalia, au utando ulionenepa na kushikana kwa kovu, jambo la kawaida baada ya ugonjwa huu. Kuyatenganisha hakuhitaji mashine nyingine. Anapigwa picha akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto, mionzi ikipita mlalo. Maji yatatiririka na kujipanga kwa urefu wa ukuta wa kifua. Kovu litabaki pale pale, nalo halihitaji dawa. Kinachohitajika ni picha hii kutunzwa pamoja na ile ya kwanza, ili miaka ijayo atakayeiona pembe butu asimuanzishie matibabu upya.